Koti Linasomwa Kuanzia Begani

Mpe fundi mzoefu wa nguo picha ya mtu aliyevaa suti, naye ataanza kuangalia mahali ambapo wengi wetu hatupaangalii: juu kabisa, pale mshono wa mkono unapokutana na bega. Rangi, tai na viatu atavifikia baadaye, kama atavifikia. Koti halishikwi na kifungo wala kiuno. Linaning'inia kwenye mabega na shingo, na lisipotulia pale juu, hakuna kitu huko chini kitakachotulia.

Kinachomwezesha kusoma picha ni mikunjo. Kitambaa kikibanwa mahali, hutoa mistari inayoelekea pale palipobana, kama turubai la harusini linavyojivuta kuelekea kwenye kigingi kilichokazwa sana. Kikizidi, hulegea na kuporomoka kwa mikunjo laini. Kwa hiyo mikunjo ya kulala inayokatiza tumbo au nyonga kwa kawaida inasema nguo imebana, na ya wima inayoshuka mgongoni karibu na makwapa inasema upana umezidi. Ya mshazari ndiyo yenye habari nyingi zaidi. Ina ncha mbili, na kazi ya msomaji wa picha ni kuifuata mpaka ajue ni ncha ipi yenye kosa. Mara nyingi kosa haliko pale mkunjo unapoonekana vizuri zaidi.

Lakini kuna mikunjo isiyo na kesi yoyote. Mtu aliyeshuka kwenye gari baada ya safari ya saa mbili atakuwa na makunyanzi ndani ya viwiko, mapajani na nyuma ya kiuno. Hayo ni makali, membamba, na yanaondoka kwa pasi. Mikunjo ya kipimo kibaya ni ya mviringo na minene kidogo, na ukipiga pasi leo, kesho akivaa inarudi palepale. Kitani nacho hukunjamana hata kikiwa kimeshonwa na fundi bora duniani, kwa hiyo usimhukumu mtu kwa suti ya kitani.

Turudi begani. Mshono wa bega unatakiwa uishie pale mfupa wa bega unapoishia, na kutoka hapo mkono wa koti ushuke bila kizuizi. Bega likiwa pana mno, pedi inatokeza nje ya mwili haina cha kuegemea, na chini yake kidogo, kwenye sehemu ya juu ya mkono, panatokea kibonyeo. Kwenye picha kinaonekana kama kivuli kidogo cheusi chini ya ukingo wa bega. Likiwa jembamba mno, mambo yanageuka: msuli wa bega unausukuma mkono wa koti kutoka ndani, na panatokea uvimbe nje ya mshono. Nikiona kibonyeo au uvimbe huo kwenye picha ya koti linalouzwa, mimi siendelei kuuliza bei. Kupunguza upana wa bega ni kufumua mkono mzima, kukata, na kuuingiza upya kwenye tundu ambalo sasa limebadilika ukubwa. Kuongeza karibu haiwezekani, kwa sababu ndani ya mshono ule kwa kawaida hakuna kitambaa cha kutosha kilichoachwa.

Upana, hata hivyo, ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni mteremko. Kuna watu mabega yao yameinuka karibu usawa, wengine yanateremka sana, na wengi wetu bega moja liko chini kuliko lingine. Futi ya fundi inapima urefu na mizunguko. Mteremko hauoni mpaka fundi mwenyewe aangalie.

Chukua mfano wa bwana harusi aliye Mwanza, ambaye suti yake ya bluu ya vifungo viwili imeshonwa Dar es Salaam na kutumwa kwa basi. Anaivaa, anasimama mbele ya kioo, anapiga picha kwa simu na kuituma. Kwenye picha, mikunjo minne imekusanyika kwenye kifungo na kufanya alama ya X. Ujumbe wake ni mfupi: "Fundi, kiuno kimebana, itabidi uachie." Fundi anaikuza picha na kujibu: "Kaka, usiguse kiuno kwanza. Mpe mtu mwingine simu akupige picha, wewe simama mikono chini."

Fundi alikuwa ameona jambo dogo. Mkono ulioshika simu ulikuwa umeinuliwa mpaka usawa wa kifua. Mkono ukiinuka, bega linapanda na kulivuta koti lote la mbele, na kifungo kinakuwa kigingi. Ile X ilikuwa na mguu mmoja mrefu kuliko mingine, nao ulielekea kwenye mkono wenye simu. Kiuno kilichobana kwa kweli hutoa X yenye miguu inayolingana, na mara nyingi mpasuo wa nyuma nao unafunguka.

Picha ya pili inafika, imepigwa na mdogo wake. X imetoweka, kimebaki kivuto kidogo tu ambacho koti lolote lililofungwa huwa nacho. Lakini sasa kinaonekana kitu ambacho mkono ulioinuliwa ulikuwa umekificha: upande mmoja, mkunjo laini unaanzia karibu na shingo na kushuka mshazari hadi kwapani, na chini ya kwapa kitambaa kimejikusanya. Upande wa pili ni safi kabisa. Mfuko wa upande wenye mkunjo uko chini kidogo ukilinganisha na mwenzake. Unaweza kuhakikisha kwa kuutazama dhidi ya mstari wa vigae vya ukutani nyuma yake. Maana yake ni kwamba bega la upande ule linateremka kuliko koti lilivyokatwa. Kitambaa kilichokosa bega la kukibeba kimeanguka kuelekea kwapani.

Upande upi? Hapa picha ya kioo inaweza kumponza fundi, kwa sababu inageuza kulia kuwa kushoto, na baadhi ya kamera za mbele za simu hufanya hivyohivyo. Namna ya kujua ni kuangalia mfuko wa leso kifuani. Kwenye koti la kiume uko upande wa kushoto wa mvaaji, kwa hiyo kwenye picha ya kawaida wewe mtazamaji unauona upande wako wa kulia. Ukiuona kushoto kwako, picha imegeuzwa, na fundi anayeifuata bila kujua atatengeneza bega zima na kuliacha bovu. Picha ya mdogo mtu ilikuwa ya kawaida. Bega lililoshuka lilikuwa la kulia.

Dawa yake ni ya kazi ndogo: fundi yeyote wa Mwanza afungue bitana kwenye tundu la mkono wa kulia, aongeze tabaka la pedi la kama nusu sentimita, na afunge. Kama mteremko ungekuwa mkubwa zaidi, ingebidi kufumua bega na kulishusha. Na kama wangefuata ujumbe wa kwanza na kuachia kiuno, koti lingelegea tumboni na mkunjo wa begani ungebaki palepale siku ya harusi.

Baada ya bega, mkono. Urefu wake kila mtu anauona: uishie kwenye mfupa wa kifundo cha mkono, na shati litokeze sentimita moja au moja na nusu. Kisichoonekana kirahisi ni mwelekeo. Mikono ya watu haining'inii sawasawa. Ya mwingine inakaa mbele ya mapaja, hasa aliyezoea kuinama kazini, na ya mwingine inashuka wima pembeni. Mkono wa koti nao umeshonewa mwelekeo wake. Visipolingana, mikunjo ya mshazari hujitokeza ukiwa umesimama tu. Kwenye picha ya upande, mikunjo ikiwa nyuma ya mkono, mkono wa koti unatakiwa uzungushwe kuelekea mbele kidogo. Ikiwa mbele, uzungushwe kurudi nyuma. Fundi anaufumua na kuushona tena sentimita moja au mbili kutoka pale ulipokuwa. Kitambaa chenye mistari au miraba kinaweza kukataa hilo, kwa sababu michoro ya mkono haitakutana tena na ya kifuani.

Gauni linasomwa kwa kanuni ileile, ila vigingi vyake ni vingine. Cha kwanza ni kifua. Mikunjo ya mshazari inayotoka kwenye ncha ya titi kwenda kwenye mshono wa ubavuni inasema kifua hakikupewa nafasi, hata kama kiuno kimekaa barabara. Cha pili ni nyonga. Gauni likibana hapo, linapanda juu kutafuta sehemu nyembamba, na kitambaa kinajilundika kiunoni kwa mikunjo ya kulala. Mwenye gauni hudhani kiuno ni kipana na kuomba kipunguzwe, kumbe nyonga ndizo zinazotakiwa kuachiwa. Kuna mkunjo mwingine wa kulala, juu kidogo ya makalio, unaoonekana kwa nyuma tu na bila dalili yoyote ya kubana. Huo ni wa mwenye mgongo uliopinda kuingia ndani. Kwake nyonga hazina kosa, urefu wa mgongo ndio umezidi na unatakiwa kupunguzwa kiunoni.

Kitenge kina shida yake, maana maua na rangi vinameza vivuli vya mikunjo. Tazama michoro yenyewe badala ya vivuli. Safu ya maduara iliyotakiwa kukatiza kifua kwa usawa ikipinda kuelekea kwapani, hapo ndipo kitambaa kinapovutwa. Satini haifichi kitu. Suti nyeusi inaficha karibu kila kitu, na flashi inamalizia kazi kwa kufuta vivuli vilivyobaki. Mwanga wa dirisha kutoka ubavuni unavirudisha. Mpiga picha asimame kama mita tatu, simu iwe usawa wa kifua. Akikaribia sana, lenzi ya simu inavimbisha kilicho karibu nayo na mabega yanapoteza uwiano.

Na kuna makosa ambayo si makosa. Mafundi wa Napoli nchini Italia hushona bega la koti kama la shati, na juu ya mkono wanaacha vikunjo vidogovidogo kwa makusudi. Bega linaloning'inia kwenye koti la kijana wa sasa linaweza kuwa mtindo. Ukitaka kutofautisha, angalia kama pande zote mbili zinafanana na kama kola imelala shingoni. Koti pana lililokatwa kwa makusudi bado linaikumbatia shingo, lakini lile la kuazima kwa kawaida linaachia mwanya kati ya kola yake na ya shati.

Ukinunua mtandaoni, hasa mtumba, picha ya mbele haitoshi. Muuzaji anayejua kazi yake hubana koti kwa pini nyuma ya sanamu, na kwa mbele kiuno kinaonekana kimekatwa vizuri ajabu. Omba picha ya mgongo, kisha ya ubavu, kisha moja ya ndani ya koti kwenye mshono wa katikati ya mgongo, ikiwa bitana inaweza kufunguliwa. Hiyo ya mwisho ndiyo itakayokuonyesha kama kuna kitambaa kilichoachwa cha kuachia, na wauzaji wengi hawajawahi kuombwa.