Nyumba Kumi Zimeombwa, Hakuna Iliyoletwa

Tuseme tovuti ya kupangisha nyumba Dar es Salaam ina matangazo 1,000,000. Mpangaji anaandika "nyumba tulivu yenye upepo wa bahari", anachagua kodi isiyozidi shilingi 200,000, kisha anasubiri nyumba kumi. Ukurasa unarudi mtupu, na nyumba za aina hiyo zimo.

Maneno ya mpangaji hutafutwa kwa vekta, yaani safu ya namba zinazobeba maana ya tangazo. Matangazo yanayofanana maana hukaa jirani. Kodi ni safuwima ya kawaida tu. Kwa pgvector, programu ya nyongeza ya PostgreSQL, vyote viwili huombwa pamoja:

```sql
SELECT id FROM matangazo
WHERE kodi <= 200000
ORDER BY vekta <=> $1 LIMIT 10;
```

Faharasa ya HNSW haipimi matangazo yote milioni. Huruka kutoka jirani hadi jirani mpaka ipate wagombea, ambao kwa kawaida ni 40, ndipo kodi ikaguliwe. Huku ni kuchuja baadaye. Kama nyumba za bei hiyo ni asilimia 10, katika 40 watabaki wanne kwa wastani. Lakini wastani huo hudanganya. Anayetaja upepo wa bahari hupelekwa Masaki na Mbezi Beach, kwenye kodi za juu, na wagombea wote 40 wanaweza kuanguka. Ni kama dalali aliyekusikia ukitaja bahari akasahau mfuko wako.

Kuchuja kwanza ni kinyume chake: zinachukuliwa nyumba 100,000 za bei hiyo, kisha kila moja inapimwa umbali wake na ombi. Hakuna inayopotea. Gharama ndiyo kikwazo, kwani kila ombi linalipia vipimo 100,000. Kichujio kikibakiza elfu chache, kazi ni nyepesi. Kikibakiza nusu milioni, kuchuja baadaye kunafaa zaidi, maana katika wale 40 watabaki kama 20.

Wengine hujaribu kutembea kwenye mtandao wa majirani wakikanyaga nyumba zilizoruhusiwa tu. Kichujio kikiwa kikali, njia hukatika. Qdrant huongeza viungo vya ziada kati ya majirani kwa sababu hiyo.

Tangu toleo 0.8.0 la mwaka 2024, pgvector inaweza kurudi kuchota wagombea zaidi wakipungua:

```sql
SET hnsw.iterative_scan = strict_order;
```

Nayo ina kikomo: ikishapitia safu zipatazo 20,000, huacha.

Ukurasa mtupu angalau unajitangaza. Hatari zaidi ni kupata kumi kamili ambazo si zile za karibu kabisa. Ukiwa na tovuti ya namna hii, chukua maombi halisi ya wateja, uyaendeshe mara ya pili baada ya `SET enable_indexscan = off;` ili kila nyumba ipimwe, kisha uhesabu ngapi kati ya kumi zimelingana. Anza na maombi yenye kichujio kikali.