PDF ina maandishi madogo kwenye simu? Kata kingo nyeupe

Mwanafunzi wa Butiama anatumiwa notsi za PDF kwa WhatsApp na mwenzake aliyeko Musoma. Akifungua, maandishi ni kama sisimizi. Akivuta kwa vidole yanakua, lakini kila mstari inabidi asukume ukurasa kulia na kushoto.

Shida ni karatasi. A4 ina upana wa sentimita 21, na kwa kawaida karibu sentimita 5 ni kingo tupu za pande mbili. Kwenye kioo cha sentimita 7, herufi ya saizi 12 inabaki kama 4. Ukiondoa kingo, inapanda hadi 5 na kidogo. Ukilaza simu, yenye upana wa sentimita 15, inafika 11, na hiyo inasomeka bila tabu.

Kwenye programu ya bure ya KOReader, fungua faili, gusa sehemu ya chini ya kioo, tafuta `Page Crop`, chagua `auto`. Faili lenyewe halibadiliki; kingo zinafichwa tu wakati wa kusoma.

Mtego upo kwenye notsi zilizoskaniwa, mfano kwenye steshenari ya Bunda. Kivuli cheusi cha mashine pembeni huhesabiwa kuwa ni maandishi, hivyo ukurasa unabaki vilevile. Ukiona hivyo, chagua `manual`, kisha sogeza pembe za boksi hadi zibane maandishi. Acha nafasi kidogo, maana ukurasa ulioskaniwa ukiwa umepinda, herufi za mwisho zitaliwa.