Saa ya Kwanza Chini ya Barakoa

Mwaka 1995 madaktari wa Ufaransa, Italia na Hispania, wakiongozwa na Laurent Brochard, walitoa matokeo ya utafiti uliohusu wagonjwa 85. Wote walikuwa na ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ule unaowapata zaidi wavuta sigara na watu waliopikia kuni kwa miaka mingi, na wote walifika hospitalini wakiwa wamezidiwa. Kundi moja lilipewa matibabu ya kawaida ya oksijeni na dawa. Kundi la pili lilipewa hayo hayo, kisha likavalishwa barakoa iliyounganishwa na mashine ya kusukuma hewa. Katika kundi la kwanza la watu 42, watu 31 waliishia kuwekewa mrija wa kupumulia kooni, na 12 wakafariki. Katika kundi la barakoa la watu 43, waliowekewa mrija walikuwa 11, na waliofariki 4.

Ili kuelewa tofauti hiyo imetoka wapi, inafaa kujua kwanza mgonjwa wa namna hii anazidiwa na nini. Wengi hudhani shida ni ukosefu wa oksijeni peke yake. Lakini kinachotisha zaidi ni kaboni dioksidi, hewa chafu ambayo mwili unapaswa kuitoa kila tunaposhusha pumzi. Njia za hewa zimevimba na kujaa makohozi, hivyo hewa inaingia kwa taabu na kutoka kwa taabu zaidi. Kifua kinabaki kimetuna. Misuli ya kupumua inachoka, pumzi zinakuwa fupifupi, na kaboni dioksidi inarundikana hadi damu inageuka kuwa na asidi. Kisha mgonjwa anaanza kusinzia, na kadiri anavyosinzia ndivyo anavyozidi kupumua kidogo.

Hapo ndipo barakoa inapofanya kazi. Mgonjwa akianza kuvuta pumzi, mashine inahisi na kumsukumia hewa kwa nguvu iliyopangwa, ambayo kwenye kioo chake huandikwa IPAP. Akishusha pumzi, mashine inapunguza nguvu hadi kiwango kidogo kiitwacho EPAP, kinachozuia vijia vya hewa visijifunge. Ni kama mtu anayepanda mlima kwa baiskeli huku mwenzake akimsukuma kwa nyuma: pedali bado anakanyaga mwenyewe. Kwa kuwa misuli imepata msaada, kila pumzi inakuwa kubwa zaidi na kaboni dioksidi inapata njia ya kutoka.

Mrija wa kooni nao unaokoa maisha, ila una gharama yake. Mgonjwa hulazwa usingizi kwa dawa, hawezi kusema wala kukohoa vizuri, na vijidudu hupata njia ya kushuka mapafuni na kuleta nimonia mpya. Wenye mapafu yaliyochakaa huweza kukaa siku nyingi kabla ya kuachana na mashine. Ndiyo maana daktari akiona barakoa inaweza kutosha, huanza nayo.

Hata hivyo si kila anayehema ananufaika sawasawa. Walio mstari wa mbele ni hao wenye ugonjwa sugu wa njia za hewa ambao damu yao imeingia asidi, yaani kipimo cha pH kimeshuka chini ya 7.35. Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2000, uliohusu wagonjwa 236 katika hospitali 14, ulionyesha kwamba barakoa inaweza kusimamiwa na wauguzi hata kwenye wodi za kawaida. Vifo hospitalini vilikuwa asilimia 10 kwa waliovalishwa, na asilimia 20 kwa wasiovalishwa. Lakini wale ambao pH yao ilikuwa chini ya 7.30 hawakufaidika kwa kiasi hicho wakiwa wodini. Hao wanahitaji mahali penye uangalizi wa karibu zaidi.

Kundi la pili ni wagonjwa wa moyo ambao mapafu yao yamejaa maji ghafla. Kwao hata nguvu moja isiyobadilika, CPAP, huweza kutosha, kwa kuwa inafungua vifuko vya hewa na kuupunguzia moyo mzigo. Utafiti mkubwa wa Uingereza wa mwaka 2008 wenye wagonjwa 1,069 ulionyesha kwamba barakoa huondoa kuhema haraka kuliko oksijeni ya kawaida, ingawa idadi ya vifo katika siku 7 za kwanza haikutofautiana.

Nimonia kali ni jambo jingine. Maji ya moyo huweza kupungua ndani ya saa chache kwa dawa, lakini pafu lililojaa uvimbe na usaha linahitaji siku kadhaa kupona, na wagonjwa wengi huchoka kabla ya hapo. Barakoa ikijaribiwa kwa mgonjwa wa nimonia, anayeijaribu lazima awe na vifaa vya mrija tayari pembeni.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 64, aliyepikia kuni jikoni pasipo dirisha tangu usichana wake. Amekohoa siku nne, na sasa hawezi kumaliza sentensi. Anafikishwa hospitalini akipumua mara 32 kwa dakika, na kifaa cha kidoleni kinasoma oksijeni asilimia 80. Anafunguliwa oksijeni nyingi. Baada ya nusu saa kifaa kinasoma 98, ndugu wanashukuru, lakini mama anasinzia na kujibu maswali kwa kuchelewa. Oksijeni iliyozidi kwa mgonjwa wa aina hii hupandisha kaboni dioksidi, kwa hiyo anatakiwa kukaa kati ya asilimia 88 na 92. Oksijeni inapunguzwa, anapewa dawa za kutanua njia za hewa kwa nebulaiza, dawa ya kupunguza uvimbe na antibiotiki. Kipimo cha gesi za damu kinaonyesha pH 7.26 na kaboni dioksidi 76, wakati kawaida haizidi 45.

Muuguzi anamkalisha mama akiwa ameegemea mto, kichwa juu. Mashine inaanzishwa kwa IPAP 12 na EPAP 5, kisha IPAP inapandishwa taratibu ndani ya nusu saa hadi 20, huku kifua kikitazamwa kama kinainuka vizuri zaidi. Baada ya saa moja anapumua mara 24 kwa dakika, anataja jina la mjukuu wake bila kusita, pH imepanda hadi 7.32 na kaboni dioksidi imeshuka hadi 63. Bado ni mgonjwa, ila njia anayoelekea inaonekana. Ataivaa barakoa kwa saa nyingi siku hiyo ya kwanza, akipumzishwa kwa vipindi vifupi vya kunywa maji na dawa.

Mara nyingi kinachoharibu matibabu haya ni barakoa yenyewe. Mtu anayehisi hakuna hewa duniani anafungwa plastiki usoni na kupulizwa upepo. Hofu yake ina haki. Muuguzi mzoefu hafungi mikanda mara moja. Anaishikilia barakoa usoni kwa mkono wake, au anampa mgonjwa aishike mwenyewe, anaanza na nguvu ndogo na kumweleza kila hatua. Pumzi za mgonjwa zikishaanza kwenda pamoja na mashine, ndipo mikanda inafungwa.

Kosa la kawaida ni kukaza mno. Hewa ikivuja, mkono hukimbilia mkanda, na kesho yake ngozi ya mgongo wa pua imebadilika rangi au imechubuka. Vidole viwili vipite chini ya mkanda. Visipopita, umekaza kupita kiasi. Uvujaji mdogo unavumilika. Usiovumilika ni upepo unaopiga machoni, kwa kuwa unakausha jicho na kulijeruhi, au uvujaji mkubwa unaoifanya mashine ishindwe kuhisi pumzi ya mgonjwa. Dawa yake kwa kawaida ni kubadili ukubwa wa barakoa au kuiweka upya. Mwenye meno ya bandia yanayokaa imara huachiwa, kwani mashavu yakibonyea barakoa haikai. Ndevu nyingi nazo huvujisha. Kipande cha plasta laini kikibandikwa mapema juu ya pua kabla ngozi haijachubuka husaidia sana.

Liko pia tundu dogo kwenye barakoa au kwenye bomba, ambalo hewa chafu hutokea. Wanaosikia sauti yake hudhani ni kasoro, na wengine hulibandika plasta. Likizibwa, mgonjwa anavuta tena kaboni dioksidi yake mwenyewe. Hatari nyingine ni kutapika: nguvu ya mashine huweza kujaza tumbo hewa, na matapishi yakitoka ndani ya barakoa yanasukumwa mapafuni. Tumbo likianza kutuna, au mgonjwa akisema kichefuchefu kinamjia, barakoa inafunguliwa upesi.

Swali gumu ni lini barakoa iachwe na mrija uwekwe. Utafiti uliotolewa mwaka 2004 ukiongozwa na Andrés Esteban ulihusu wagonjwa 221 waliopata tena shida ya kupumua baada ya kutolewa mrija. Karibu nusu ya kila kundi walirudishiwa mrija, wawe wamevaa barakoa au la. Tofauti ilikuwa muda: kwa wa barakoa ilipita kama saa 12 kabla ya kurudishiwa, kwa wengine kama saa mbili na nusu. Waliofariki wakiwa katika chumba cha wagonjwa mahututi walikuwa asilimia 25 upande wa barakoa, na 14 upande wa pili. Barakoa iliyoonekana kusaidia iliwachelewesha.

Kwa hiyo saa ya kwanza hadi ya pili ndiyo ya kuamua. Mgonjwa akiwa bado anapumua zaidi ya mara 35 kwa dakika, shingo na mbavu zikivutika kwa kila pumzi, pH ikizidi kushuka, au oksijeni ikigoma kupanda hata nguvu ilipoongezwa, barakoa imeshindwa. Ziko dalili zisizosubiri hata saa moja: pumzi kukatika, fahamu kupotea, shinikizo la damu kuporomoka, kutapika kusikokoma, au makohozi yanayomjaa asiweze kuyatoa. Pale ambapo hakuna kipimo cha gesi za damu, kasi ya kupumua na hali ya fahamu ziandikwe kila baada ya dakika 15. Na mgonjwa aliyekuwa akihangaika kisha akatulia ghafla aamshwe na kuulizwa jina lake, kwani utulivu huo huweza kuwa kuzidiwa na kaboni dioksidi.

Ndugu anayeuguza karibu na mashine hii asimlishe uji wala kumnywesha maji mgonjwa akiwa amevaa barakoa, asikaze mkanda na asizibe tundu lolote. Akiona mgonjwa anaongea ovyo, haamki anapoitwa, au tumbo linatuna, amwite muuguzi papo hapo, hata kama kifaa cha kidoleni kinasoma vizuri.