Mama na muuzaji: namna spoti ya unga ya uji wa mtoto inatungwa

Katika masoko ya Bukavu, unga ya sosoma inajulikana sana. Jina lile limeunganisha vipande vya majina ya Kifaransa ya mtama, soya na mahindi. Mufanya biashara akitaka kuitangaza ku redio, mara nyingi anaomba spoti ya sauti mbili: mama anaingia dukani, muuzaji anamujibu.

Spoti ya dakika moja inabeba maneno kama mia moja tu, watu wakisema polepole. Kwa hiyo muandishi anachagua. Bei inatolewa kwanza, sababu spoti inapita wiki nyingi na franka haitulie. Kinachobaki ni maulizo ya mama, na pale ndipo kuna hatari.

Tuchukue mufano. Mufanya biashara analeta maneno yake:

Mama: Mutoto yangu iko na miezi ine, analia usiku muzima.
Muuzaji: Umupatie hii unga, atashiba, atalala!

Masikioni inapendeza. Lakini mama mwenye kusikiliza atatoka pale na kumupatia uji mutoto ambaye angepaswa kunyonya tu. Tumbo lake halijakomaa, na maji ya uji mara nyingi si safi: kuhara kunaanza. Tena akishiba uji ananyonya kidogo, na maziwa ya mama yanapunguka. Kanuni ya kimataifa ya 1981 juu ya biashara ya vyakula vinavyochukua nafasi ya maziwa ya mama, pamoja na maagizo ya OMS ya 2016, yanakataa chakula kutangazwa kwa mutoto wa chini ya miezi sita.

Dawa si kuongeza onyo kwa mwisho, lile ambalo linasomwa mbio mbio na hakuna mutu anasikia. Muuzaji mwenyewe ndiye aulize:

Muuzaji: Mutoto iko na miezi ngapi, mama?
Mama: Ine.
Muuzaji: Basi bado. Umunyonyeshe tu. Akitimiza sita, urudie.
Mama: Na nitaacha kumunyonyesha?
Muuzaji: Hapana! Unaendelea mpaka miaka mbili na zaidi.

Muuzaji mwenye kukataa feza, msikilizaji anamuamini. Kisha mama anarudi, unasikia mutoto anacheka, na muuzaji anaeleza: koroga unga kwanza ku maji ya baridi, mwanga ku maji yenye kuchemuka, acha ichemuke vizuri, sababu soya isiyoiva inasumbua tumbo. Uji ukikaa ku kijiko bila kumwangika, ni muzuri. Ule mwepesi kama maji unajaza tumbo bila kulisha.

Muuzaji asijiite muganga, hata mwenye bidhaa akilipa zaidi. OMS inakataza wafanyakazi wa afya watumiwe kusifu unga hizi. Na sauti zitofautiane: mara nyingi mama mwanamuke, muuzaji mwanaume. Wanawake wawili wenye sauti moja, ku redio ndogo ya betri, hakuna atakayejua nani anauza na nani anauliza.