Kukata kona za Mto Songwe: kwa nini robo, na kwa nini usivuke theluthi

Ukishuka kutoka Tukuyu kwenda Kyela, milima inaisha na unaingia kwenye tambarare ya mpunga na kakao inayofika hadi Ziwa Nyasa. Kwenye tambarare hiyo mito haina haraka tena. Songwe, ambao ni mpaka wetu na Malawi, unajipinda kama nyoka kabla ya kuingia ziwani, na mvua zikiwa kubwa unahamisha njia yake. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 uliutaja mto huu kwa jina kama mpaka, kana kwamba mto ni ukuta. Serikali za nchi zote mbili zimelazimika kukaa pamoja katika mradi wa bonde la Songwe, na moja ya sababu ni huko kuhamahama.

Sasa tuseme unataka kuuchora mto huo kwenye ramani. Unatembea ukingoni na GPS, unachukua nukta kila baada ya mita kadhaa, unaziunganisha kwa mistari iliyonyooka. Unachopata ni mstari wenye kona kali, na mto hauna kona kali. Kwa hiyo unafungua programu ya ramani na kubonyeza kitufe cha kulainisha. Katika QGIS kinaitwa Smooth, na kinakuuliza mambo mawili makubwa: Iterations (mara ngapi) na Offset (kiasi gani). Offset imewekwa 0.25 tayari, lakini unaruhusiwa kwenda hadi 0.5. Wengi huona namba ndogo wakadhani ukiipandisha mstari utazidi kuwa laini. Sivyo, na sababu yake inaonekana kwa hesabu ya kidato cha pili tu.

Njia yenyewe ni rahisi kiasi kwamba fundi seremala angekuelewa bila kalamu. Ukitaka kulainisha kona ya meza, unaikata. Kona moja inakuwa kona mbili butu zaidi. Unazikata hizo mbili, zinakuwa nne. Endelea hivyo na mkono hautasikia kona tena. George Chaikin aliieleza njia hii kwa ajili ya kompyuta mwaka 1974: katika kila upande wa umbo, weka alama kwenye robo ya kwanza na robo ya mwisho, kisha unganisha alama na utupe kona. Rudia. Mwaka uliofuata Riesenfeld alionyesha kwamba mstari unaofikiwa mwishoni ni vipande vya parabola vilivyoungana vizuri.

Tuchukue pinde moja. Namba hizi nimezitunga ili hesabu iwe safi, lakini umbo lake ni la kawaida kabisa kwa Songwe. Mto unatoka magharibi, unakwenda mashariki mita 200, unageuka kaskazini mita 200, halafu unarudi magharibi mita 200. Nukta zetu nne, kwa mita, ni A (0, 0), B (200, 0), C (200, 200) na D (0, 200). Pua ya pinde ni upande BC, inatazama mashariki.

Kata kwa robo. Kwenye kona B tunapata alama mbili: (150, 0) na (200, 50). Pembetatu iliyotupwa ina pande mbili za mita 50, kwa hiyo eneo lake ni mita za mraba 1,250. Mzunguko wa pili unatupa robo ya hiyo, yaani kama 312, wa tatu unatupa 78, na kadhalika. Ukijumlisha bila kikomo unapata 1,250 × 4/3, karibu 1,667. Angalia kwamba mizunguko mitatu tu tayari imekufikisha zaidi ya asilimia 98 ya safari. Ndiyo maana hakuna haja ya kuweka mizunguko kumi. Faili inavimba tu, maana idadi ya nukta inakaribia kuongezeka mara mbili kila mzunguko. Kwa wanaotumia PostGIS amri ni hii, mizunguko mitatu, na nukta za mwanzo na mwisho zikiachwa mahali pake:

```sql
SELECT ST_ChaikinSmoothing(geom, 3, true) FROM mto;
```

Kuna kitu kimoja hakibadiliki hata kidogo katika shughuli yote: katikati ya kila upande. Ukikata kiasi kilekile kila mwisho wa BC, kipande kinachobaki kinafupika, lakini katikati yake, (200, 100), iko palepale. Kwa hiyo mstari wa mwisho utapita hapo, uwiano wowote utakaochagua. Na ndipo penye siri. Mstari uwe laini pale, lazima vipande vya jirani viwe vimegeuka kufuata uelekeo wa BC, yaani kaskazini. Swali ni kama vinawahi.

Tuite uwiano u. Kila mzunguko, kipande cha katikati cha BC kinazidishwa kwa 1 − 2u. Kipande kipya cha jirani kinazaliwa kwa kukata kona kati ya jirani wa zamani na kipande cha katikati, kwa hiyo uelekeo wake ni u mara jumla ya hao wawili. Yaani jirani anachota kaskazini kidogo kidogo kutoka kwa kipande cha katikati. Lakini cha katikati nacho kinapungua.

Tufuatilie jirani kwa u = 1/4. Baada ya mzunguko wa kwanza anakwenda mita 50 mashariki na 50 kaskazini, uwiano 1 kwa 1. Wakati huo kipande cha katikati kina mita 100. Mzunguko wa pili: robo ya (50, 50) jumlisha (0, 100) ni (12.5, 37.5), yaani 1 kwa 3. Kisha 1 kwa 7, kisha 1 kwa 15. Nyongeza ni 1, 2, 4, 8: inaongezeka maradufu kila mara. Baada ya mizunguko minne jirani amebakiza nyuzi kama 4 tu kutazama kaskazini sawasawa. Mstari unalainika haraka.

Jaribu u = 0.4. Mzunguko wa kwanza jirani ni (80, 80), 1 kwa 1 tena. Lakini kipande cha katikati kimebaki mita 40 tu. Mzunguko wa pili: 0.4 ya (80, 120) ni (32, 48), 1 kwa 1.5. Kisha 1 kwa 1.75. Nyongeza sasa ni 1, nusu, robo, na jumla ya 1 + 1/2 + 1/4 + ... haivuki 2. Jirani anaishia 1 kwa 2, nyuzi 26 na ushee kutoka kaskazini, na hata ukirudia mara milioni hatageuka zaidi. Kutoka upande wa kona C hali ni ileile kwa kinyume. Kwa hiyo pale (200, 100), kwenye ncha ya pua, unapata kona ya nyuzi 53 ambayo haitafutika kamwe. Tena haiko peke yake: kila kipande kipya kina katikati yake, na kwenye pinde kama hii, inayogeuka upande mmoja tu, kila katikati inazaa kona yake. Umeomba ulaini zaidi, umepewa mstari uliojaa kona kila mahali.

Mpaka wa mambo haya ni pale u na 1 − 2u zinapolingana, yaani theluthi moja. Hapo nyongeza ni 1, 1, 1: jirani anakwenda 1 kwa 1, 1 kwa 2, 1 kwa 3. Atafika kaskazini, lakini kwa mwendo wa konokono. Baada ya mizunguko kumi bado ana karibu nyuzi 6. Georges de Rham, mwanahisabati wa Uswisi, aliuchunguza mkato huu wa theluthi mwaka 1947, kabla ya Chaikin. Mstari wake hauna kona, lakini hauna mpindo wa utaratibu kama parabola. Ukifika nusu kabisa, u = 0.5, unapata tu katikati za pande zikiunganishwa kwa mistari iliyonyooka, na hakuna kinachobadilika tena hata ukirudia. Kwa hiyo ukikutana na ramani ambayo mto wake unaonekana kama almasi zilizopangwa mstari, vuta karibu uangalie kona ziko wapi. Zikiwa katikati ya nukta zilizopimwa badala ya juu yake, mtu alipandisha Offset.

Sawa, tubaki na robo basi, tumemaliza? Kwa macho, ndiyo. Kwa kipimo, ngoja kwanza. Kukata kona ni kukata kweli. Mstari wa mwisho haupiti kwenye B wala C, nukta ambazo ulizipima ukiwa umesimama kwenye matope. Kwenye B unapita (175, 25), mita 35 kutoka pale uliposimama. Kutoka katikati ya AB hadi katikati ya CD mto ulikuwa na mita 400, sasa una kama 325. Na kona mbili kwa pamoja zimetupa mita za mraba 3,333, zaidi ya robo tatu ya ekari. Kwa theluthi ingekuwa kama ekari 1.4, na kwa 0.4 karibu ekari 1.9. Pua yetu inatazama mashariki na kuingia upande wa Malawi, kwa hiyo ardhi iliyo ndani ya pinde ni ya Tanzania, na ekari hizo zimevuka mpaka bila mtu kusogea. Pinde inayofuata ikitazama magharibi, hesabu inageuka. Kwa ramani ya ukutani hilo si tatizo. Kwa kupima shamba la mpunga la mtu, mimi nisingeligusa kitufe hicho.

Ipo njia isiyohamisha nukta. Nira Dyn, John Gregory na David Levin waliitoa mwaka 1987: badala ya kukata kona, unaziacha nukta zote na kuongeza mpya kati ya kila mbili, kwa kuzidisha mbili za karibu kwa 9/16 na kutoa 1/16 ya mbili za mbali. Kati ya B na C inatupa (225, 100). Umeona kilichotokea? B na C zimebaki, lakini pua imetokeza mita 25 mashariki, mahali ambapo hakuna aliyepima kitu. Huenda mto unapita huko kweli, huenda haupiti. Kujua, inabidi mtu arudi ukingoni na GPS achukue nukta moja kwenye ncha ya pua, afadhali wakati wa kiangazi.