Holi: kweli au si kweli?

"Kila mwenye asili ya India hapa Mwanza hucheza Holi." Si kweli. Wafanyabiashara wa Gujarati waliofuata pamba na ziwa walikuwa wa dini mbalimbali. Waismailia na Mabohora ni Waislamu, na Holi si sikukuu yao. Singasinga wana siku yao, Hola Mohalla, inayofuata Holi. Holi ni ya Wahindu, wale wenye mahekalu.

"Holi ni rangi tu." Si kweli. Sherehe huanza usiku, kwa moto, mwezi ukiwa mpevu kati ya mwisho wa Februari na Machi. Mwaka 2025 moto uliwashwa jioni ya 13 Machi, rangi zikafuata tarehe 14. Familia za Kigujarati huuzunguka moto huo na kuutolea nazi, tende na bisi.

"Moto na rangi vina kisa kimoja." Hapa wengi hukosea, kwani visa ni viwili.

Moto ni wa Prahlada. Baba yake, mfalme Hiranyakashipu, alitaka aabudiwe yeye peke yake. Mtoto akashikilia kumwabudu mungu Vishnu. Shangazi yake Holika, aliyekuwa na kinga dhidi ya moto, akampakata na kuketi naye katikati ya ndimi za moto. Kinga ikamkataa kwa sababu ya nia yake mbaya: Holika akateketea, mtoto akatoka mzima. Ndiyo maana sikukuu ina jina la aliyeungua, ingawa anayeenziwa ni aliyeokoka.

Rangi ni za mungu Krishna. Alikuwa mweusi, naye alinung'unika kwamba Radha, msichana aliyempenda, ni mweupe na huenda asimpende. Mama yake, Yashoda, akamwambia ampake Radha usoni rangi yoyote aitakayo. Akampaka, na tofauti iliyomsumbua ikafunikwa.

"Anayekupaka rangi anakukejeli." Si kweli, na kisa hicho cha pili kinaeleza sababu. Nyuso zikishajaa unga mwekundu, kijani na manjano, huwezi kutambua haraka nani tajiri na nani mfanyakazi wake, nani mkwe na nani jirani mliyegombana. Siku hiyo mdogo humpaka mkubwa, jambo ambalo siku nyingine lingekuwa utovu wa adabu. Waliokosana hupakana mashavuni, wakakumbatiana, na ugomvi ukahesabiwa umekwisha.

"Basi unaweza kumrushia yeyote." Si kweli. Kuna msemo wa Kihindi wa kuomba mtu asikasirike kwa kuwa ni Holi, na wapo wanaoutumia kumshika mtu kwa nguvu. Huko ni kuvunja maana yenyewe, kwani aliyelazimishwa hajapatanishwa na mtu. Kwanza mtazame usoni. Akiinamisha shavu, mpake kwa kiganja, ukikwepa macho. Akirudi nyuma, mwache.