Namna ya kubadili sura ya blogu bila kuiharibu

BLOGU nyingi zinazotengenezwa bila malipo katika Blogger, huduma iliyonunuliwa na Google mwaka 2003, hufanana kama sare za shule. Mwenye blogu anaweza kuibadili sura bila kuandika hata mstari mmoja wa kodi, lakini wengi huharibu zaidi ya wanavyotengeneza, hasa katika picha ya kichwa.

Kabla ya yote, weka akiba. Fungua Theme, bofya mshale ulio kando ya Customize, chagua Backup, kisha pakua faili. Faili hilo huhifadhi kiolezo tu, si makala zako. Ukikosea, utalirudisha kwa Restore.

Sasa picha. Tuseme unatumia kiolezo cha Simple na upana wa blogu, unaoonekana chini ya Customize katika sehemu ya Adjust widths, ni pikseli 960. Picha ya kamera yenye upana wa pikseli 4000 na kimo cha 3000 ikipunguzwa hadi 960 itabaki na kimo cha 720. Hapo msomaji wa kompyuta ndogo ataona picha pekee, na makala itakuwa chini, asikoiona mpaka ateremshe ukurasa. Kwa hiyo ikate kwanza iwe 960 kwa 240, ndipo uipakie kupitia Layout kwenye kisanduku cha Header. Ukichagua Instead of title and description, jina la blogu halitaandikwa tena juu ya ukurasa, hivyo ni lazima liwe ndani ya picha yenyewe. Ukichagua Behind title and description, jina litapita juu ya picha; likiangukia penye mawingu au umati wa watu, halisomeki.

Rangi na aina za herufi zimo katika Customize, sehemu ya Advanced. Kijivu chenye namba `#999999` juu ya nyeupe huonekana nadhifu, lakini tofauti yake na nyeupe haifiki 3 kwa 1, ilhali kipimo kinachopendekezwa kimataifa kwa maandishi ya kawaida ni 4.5 kwa 1. Tumia `#333333`, inayozidi 12 kwa 1. Herufi za mapambo ziachie jina la blogu. Aya nzima ya herufi hizo humchosha msomaji. Usisahau kuhifadhi kabla ya kutoka.

Mwisho, fungua blogu kwa simu. Iwapo rangi mpya hazionekani huko, rudi kwenye mshale ule ule wa Theme, fungua Mobile settings. Violezo vya zamani kama Simple huweza kuwapa wenye simu kiolezo tofauti. Ukichagua Desktop wataona kile kile ulichotengeneza, ingawa kwa maandishi madogo.